Uradidi si Msisitizo Tu: Uhakiki wa Jinsi Tunavyofundisha Uradidi Kamili na Uradidi Nusu

Utangulizi

Makala haya yametokana na ugomvi mdogo uliozuka katika chumba cha kusahihishia mitihani. Swali lilikuwa la kawaida, na wengi wa wasomaji wetu wamewahi kulitunga au kulijibu: "Kwa kutumia mifano ya Kiswahili, tofautisha uradidi kamili na uradidi nusu, kisha ueleze dhima za uradidi." Swali lilikuwa na alama 20. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba neno "anasomasoma" ni mfano wa uradidi kamili. Chini yake akaongeza sentensi hii: "Musa anasomasoma tu, ndiyo maana hafaulu." Akaeleza kuwa hapa uradidi unaonyesha kitendo kinachofanywa bila makini.

Mwongozo wa kusahihisha ulisema mambo mawili tofauti na hayo. Kwanza, "anasomasoma" uliuweka katika uradidi nusu, kwa hoja kwamba sehemu ya neno, yaani "ana-", haikurudiwa. Pili, uliitaja dhima ya uradidi wa vitenzi kuwa ni kusisitiza tendo. Kwa kuufuata mwongozo, mwanafunzi yule akapoteza alama 8 kati ya 20. Mwalimu mwenzetu aliposoma jibu hilo akauliza, "Hivi kweli Musa huyu anasoma kwa mkazo?" Tukanyamaza, kwa sababu mwongozo ule tuliuandika sisi wenyewe.

Tunakusudia kuuhakiki mwongozo huo hadharani, kwani hatudhani kuwa ni wetu peke yetu. Maelezo ya aina hiyo yamo katika madondoo mengi ya darasani yanayopitishwa kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Tutaanza na umbo, yaani ni kitu gani kinachonakiliwa. Halafu tutaingia katika maana, yaani nakala hiyo inaongeza nini.

Nusu ya nini?

Uradidi, kwa maana ya kimofolojia, ni uundaji wa umbo jipya kwa kunakili umbo lililopo. Umbo linalonakiliwa tuliite msingi, na kile kilichotokana na kunakili tukiite nakala. Nakala ikiwa ni msingi wote, uradidi ni kamili. Nakala ikiwa ni kipande tu cha msingi, uradidi ni nusu. Hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza tunaposahau kuuliza: msingi wenyewe ni upi?

Mwongozo wetu uliuchukua msingi kuwa ni neno zima, "anasoma". Ikiwa hivyo ndivyo, basi kweli nakala ni nusu, maana neno lina silabi nne na zilizorudiwa ni mbili. Lakini hebu tulitembeze neno hilo katika nyakati na nafsi: alisomasoma, watasomasoma, tumesomasoma, kusomasoma, usisomesome. Viambishi awali vinabadilika kila mara na wala havigusi nakala. Kinachonakiliwa ni kile kile daima: shina, yaani mzizi pamoja na viambishi vyote vinavyoufuata. Hata irabu ya mwisho inapogeuka kuwa "e", kama katika "usichezecheze na umeme", inageuka pande zote mbili. Na kiambishi cha mtendwa nacho hubaki nje. Tunasema "alimgusagusa", hatusemi "alimgusamgusa".

Mtu anaweza kujibu kwamba hayo yote yanaonyesha tu kuwa kanuni yetu hunakili silabi mbili za mwisho wa neno. Hoja hiyo inapimika. Tuchukue kitenzi chenye shina refu zaidi. "Ananipigia simu" ikiradidiwa, tunapata "ananipigiapigia simu". Kama kanuni ingekuwa kunakili silabi mbili za mwisho, tungepata "ananipigiagia simu", umbo ambalo hakuna mzungumzaji atakayelikubali. Vivyo hivyo sukuma hutoa sukumasukuma, tembea hutoa tembeatembea, na zunguka hutoa zungukazunguka. Shina likirefuka, nakala nayo hurefuka. Hiki ndicho kipimo tunachopendekeza kitumike darasani: nakala ikikua pamoja na shina, uradidi wa shina hilo ni kamili, nakala ikibaki na ukubwa ule ule hata shina likirefuka, uradidi ni nusu.

Uradidi nusu wa kweli unavyofanana

Ili kipimo hicho kieleweke, ni lazima mwanafunzi aonyeshwe lugha ambayo nakala yake haikui. Hatuhitaji kwenda mbali na familia ya Kibantu. Katika Kizulu, kitenzi "sebenza" maana yake ni fanya kazi. Kikiradidiwa kinakuwa "sebesebenza", yaani fanya kazi kidogo kidogo, hapa na pale. Shina lina silabi tatu lakini nakala imechukua mbili tu za mwanzo. "Khuluma", yaani sema, nayo hutoa "khulukhuluma". Kama Kiswahili kingefuata njia hiyo, tungekuwa tunasema "sukusukuma" na "tembetembea". Hatusemi hivyo.

Hapa tunaomba msomaji aone jambo moja la muhimu. Maana ya "sebesebenza" inakaribiana sana na maana ya "anasomasoma" ya mwanafunzi wetu. Dhima inafanana, bali umbo ni tofauti. Kizulu kinakata nakala kwa kipimo cha silabi. Kiswahili kinanakili shina zima. Luganda, lugha ya wengi wa wanafunzi wetu hapa Uganda, iko upande wa Kiswahili katika jambo hili: "okutambula" ni kutembea, na "okutambulatambula" ni kutembeatembea. Shina "tambula" lina silabi tatu na zote tatu zimenakiliwa. Kwa hiyo mwanafunzi anayetoka katika Luganda huja darasani akiwa tayari na hisia sahihi juu ya uradidi wa shina, na sisi tunamwondolea hisia hiyo kwa mwongozo mbovu.

Nje ya Kibantu, lugha inayofundisha vizuri zaidi ni Kitagalogi cha Ufilipino, kwa kuwa ina aina zote mbili na kila moja ina kazi yake. Mzizi "sulat" unahusu kuandika, na "susulat" maana yake ni ataandika. Mzizi "basa" unahusu kusoma, na "babasa" ni atasoma. Kilichonakiliwa ni konsonanti ya kwanza na irabu yake tu, na kazi yake ni ya kisarufi kabisa: kuonyesha kuwa tendo halijakamilika. Hata neno lililokopwa kutoka Kihispania, "trabaho", yaani kazi, hutii kanuni hiyo. "Magtatrabaho" ni atafanya kazi, na nakala ni "ta", wala si "tra", seuze neno zima. Lugha hiyo hiyo ina neno "araw", yaani siku, na "araw-araw", yaani kila siku. Huo ni uradidi kamili.

Mifano mitatu tuliyozoea kuitoa

Swali litakalofuata ni hili: je, Kiswahili hakina uradidi nusu hata kidogo? Madondoo yetu hutoa mifano ya aina tatu, na kila aina inafaa kuangaliwa peke yake.

Aina ya kwanza ni maneno kama tetemeka, babaika, chechemea na nyenyekea. Kweli silabi ya kwanza na ya pili zinafanana. Lakini uradidi ni uhusiano kati ya maumbo mawili, msingi na umbo lililoradidiwa. Tukiondoa "te-" katika tetemeka tunabaki na "temeka", na hakuna kitenzi hicho. Tukiondoa "ba-" katika babaika tunabaki na "baika", nacho hakipo. Hakuna msingi, kwa hiyo hakuna nakala. Tunachoweza kusema kwa uadilifu ni kwamba maneno haya yana umbo linalofanana na uradidi, na kwamba mzungumzaji wa leo hayaundi, bali huyarithi yakiwa mazima. Ushahidi ni kwamba hatuwezi kuitumia kanuni hiyo kwa kitenzi kipya. Mtu aliyejifunza kitenzi kipya leo ataweza kukiradidi kikamilifu papo hapo, lakini hataweza kukibandika silabi moja mbele akaeleweka. Kwa hoja hiyo hiyo, "pilipili" si uradidi, ijapokuwa linaonekana kama neno lililorudiwa mara mbili. Ni neno la mkopo lililoingia likiwa hivyo.

Aina ya pili ni viashiria vya mkazo: papa hapa, kiki hiki, yuyu huyu, vivi hivi. Tulizoea kusema kuwa hapa silabi ya mwisho ya kiashiria imenakiliwa: "hapa" imetoa "pa", ikarudiwa ikawa "papa". Maelezo hayo yanapendeza mpaka tunapofika kwenye kiashiria cha "hapo". Kama kanuni ni kurudia silabi ya mwisho, "hapo" ingetoa "popo hapo", na tungejikuta tunazungumzia mnyama arukaye usiku. Tunachosema ni "papo hapo". Vivyo hivyo "huko" hutoa "kuko huko", si "koko huko". Kwa hiyo kilichotokea ni hiki: kiashiria chote kimenakiliwa, kisha "h" ya nakala ikaachia nafasi konsonanti ya upatanisho wa ngeli, "p" kwa hapo, "k" kwa huko, "y" kwa huyu. "Papa hapa" ilituhadaa kwa sababu irabu zake zote ni "a". Huu ni uradidi kamili wenye badiliko la sauti, na funzo lake kwa mwalimu ni kwamba mfano mmoja mzuri hautoshi kuthibitisha kanuni.

Aina ya tatu ni ya maneno kama "alikatakatwa" na "wanapigapigana", ambayo husikika kandokando ya "alikatwakatwa" na "wanapiganapigana". Hapa hoja ya uradidi nusu ina nguvu kidogo, kwa sababu nakala "kata" ni fupi kuliko "katwa" au haifanani nayo. Lakini tufuate hatua za uundaji. Katika "alikatwakatwa", kauli ya kutendwa iliingia kwanza, shina likawa "katwa", kisha likanakiliwa. Katika "alikatakatwa", kunakili kulitangulia, shina likawa "katakata", kisha kiambishi cha kutendwa kikaongezwa mwishoni. Njia zote mbili zina unakili kamili ndani yake. Kilichobadilika ni mpangilio wa hatua. Tungekuwa na sababu ya kuita jambo hili uradidi nusu kama mashina marefu nayo yangekatwa, tukapata "sukusukumwa". Hatupati.

Kuna mahali pamoja tu ambapo ukubwa wa silabi unaingilia kati, na ni haki kupataja, kwa kuwa kanuni yetu ya "viambishi awali havinakiliwi" inavunjika hapo. Vitenzi vya silabi moja, kama -la na -nywa, haviwezi kunakiliwa peke yao. Hatusemi "analala" kwa maana ya kula mara kwa mara, maana tungeeleweka vingine kabisa. Tunasema "anakulakula" na "anakunywakunywa". Kiambishi "ku-", ambacho kwa kawaida hakimo katika shina, kimevutwa ndani ili msingi utimize silabi mbili. Kwa hiyo Kiswahili nacho kina kipimo cha silabi, lakini kipimo hicho kinaweka sakafu tu. Nakala isipungue silabi mbili, ikizidi, haikatwi. Katika Kizulu silabi mbili ni dari.

Shina au neno?

Kabla ya kuingia katika maana, tuseme neno juu ya tahajia, kwa sababu umbo linatusaidia kuitatua. Walimu wengi hupata shida kueleza kwa nini tunaandika "walitembeatembea" kama neno moja lakini "wawili wawili" na "vidogo vidogo" kama maneno mawili. Jibu limo katika msingi. Katika "walitembeatembea", kiambishi cha nafsi na cha wakati vimetokea mara moja tu. Kilichonakiliwa ni shina, na nakala yake haiwezi kusimama nje ya neno. Katika "wawili wawili", upatanisho wa ngeli umerudiwa pamoja na mzizi. Kila upande ni neno kamili. Zote mbili ni uradidi kamili. Moja ni ya shina, nyingine ni ya neno.

Tofauti hii ya kuandika haifai kupuuzwa kwa wanafunzi, kwa sababu mahali pengine inabeba maana. "Vitabu mbalimbali" ni vitabu vya aina tofauti. "Nyumba zao ziko mbali mbali" ni kwamba kila moja iko mbali na nyingine. "Vilevile" ni pia, na "vile vile" ni kwa namna ile ile.

Maana: msisitizo umetoka wapi?

Sasa turudi kwa Musa, ambaye anasomasoma tu. Tulipoandika kuwa uradidi husisitiza, tulikuwa tunafikiria mifano kama "harakaharaka" na "chai moto moto". Hapo kweli kiwango kimepanda: harakaharaka ni haraka zaidi, na chai moto moto ni ile inayotoa mvuke sasa hivi. Kosa letu lilikuwa kulichukua jibu la vielezi na sifa zinazopimika kwa kiwango, tukalipachika kwenye vitenzi na nomino zote.

Tuanze na mfano unaohesabika. Mwalimu ana watoto watatu mbele yake. Akisema, "Wapeni watoto hawa machungwa mawili," huenda tukatoa machungwa mawili kwa jumla, wakagawane. Akisema, "Wapeni machungwa mawili mawili," hatuna hiari; lazima tutoe sita. Hakuna msisitizo wowote hapa. Ni mgawanyo: kila mtoto amefungamanishwa na mawili yake. Mwanafunzi anayeandika kuwa "mawili mawili" inasisitiza uwili hajaelewa sentensi, na kama angekuwa mtunza ghala, watoto wangelala na njaa.

"Vipande vidogo vidogo" ni ndugu wa mfano huo. Hatusemi kwamba vipande ni vidogo mno. Tunasema viko vingi na kila kimoja ni kidogo. Ndiyo maana kifungu hicho hupenda nomino ya wingi. "Nilinunua nyumba ndogo ndogo" humfanya msikilizaji afikirie nyumba kadhaa, hata kama nomino "nyumba" haina alama ya wingi.

Kwa vitenzi, kinachogawanyika au kuongezeka ni tukio lenyewe. Tukisema "aliikata kamba", panga moja na vipande viwili vinatosha. Tukisema "aliikatakata kamba", lazima kukata kuwe zaidi ya mara moja na vipande vizidi viwili. Tukisema "aligongagonga mlango", mkono uligonga mara kadhaa. Vitenzi kama kata, gonga, piga na ruka hutaja tendo fupi lenye mwanzo na mwisho unaoonekana. Kuvinakili ni kuyarudia matendo hayo, na msikilizaji anaweza karibu kuyahesabu.

Vitenzi kama soma, imba, tembea na fanya kazi ni tofauti. Hutaja shughuli inayoendelea, isiyo na mwisho wake yenyewe. Kuvinakili hakuwezi kurudia kitu kizima, kwa sababu kitu kizima hakina mpaka. Kinachotokea ni kwamba shughuli moja inakatwakatwa kuwa vijisehemu: kusoma kidogo hapa, kuacha, kusoma kidogo pale. Kila kijisehemu hakifiki popote. Kutokana na hapo ndipo inapozaliwa maana ya kufanya bila makini au bila lengo. Kwa hiyo kulegea kwa tendo ni mtoto wa wingi: wingi wa vipande visivyokamilika.

Mwalimu anaweza kulipima hili darasani kwa dakika tano. Achukue sentensi "Alikisoma kitabu chote akakimaliza." Wanafunzi wataikubali bila tatizo. Halafu aandike "Alikisomasoma kitabu chote akakimaliza." Wengi watasita, na wakiulizwa sababu watasema kwamba aliyekuwa anasomasoma hawezi kumaliza. Kisha aweke "sana" na "tu". "Anasoma sana" inasifu. "Anasomasoma tu" inalaumu. Kama uradidi ungekuwa na kazi ya kusisitiza, "anasomasoma" ingekaa karibu na "anasoma sana". Lakini ziko pande mbili zinazopingana.

Nomino na rangi nazo zinakwenda upande huo wa kupunguza. Mchuzi wenye "ladha ya chumvichumvi" una chumvi kidogo inayosikika. Uji wa "majimaji" umekaribia maji lakini si maji. Kitambaa cha "rangi ya kijani kijani" hakijawa kijani barabara. Hapa nakala inamwambia msikilizaji kuwa kitu kinakaribia sifa hiyo bila kuifikia. Ni kinyume cha mkazo.

Tahadhari ya mwisho inahusu "polepole", mfano unaopendwa kuliko yote. Hutolewa kama ushahidi wa mkazo: pole ni taratibu, polepole ni taratibu sana. Lakini katika matumizi ya leo, "nenda pole" sicho tunachomwambia dereva, na "pole" peke yake tunamwambia mgonjwa au aliyefiwa. Kielezi cha kawaida ni "polepole" chenyewe, bila kuwa na umbo lisiloradidiwa la kulinganisha nalo kwa kiwango. Neno limekwisha kuganda, na neno lililoganda si shahidi mzuri wa dhima.

Umbo halitabiri maana

Kosa jingine linalojitokeza katika majibu ya wanafunzi, nalo limetokana na sisi, ni kuamini kwamba uradidi kamili una kazi zake na uradidi nusu una kazi zake katika lugha zote. Mfano wa wingi unatosha kulivunja wazo hilo. Katika Kiindonesia, "orang" ni mtu na "orang-orang" ni watu. Wingi umeonyeshwa kwa uradidi kamili. Katika Kiilokano, lugha ya kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, "kalding" ni mbuzi mmoja na "kalkalding" ni mbuzi wengi. Wingi ule ule umeonyeshwa kwa kunakili silabi ya kwanza pamoja na konsonanti inayoifunga. Na tumekwisha kuona kwamba Kizulu na Kiswahili hufikia maana moja ya kufanya hapa na pale kwa njia mbili tofauti. Kwa hiyo umbo na dhima ni maswali mawili, na kila moja lina ushahidi wake.

Mwongozo mpya

Kwa kuzingatia hayo, swali lenyewe lilikuwa na kasoro. Lilimtaka mwanafunzi atoe mifano ya uradidi nusu "ya Kiswahili", na hivyo likamsukuma kuitafuta pasipokuwepo. Tumelibadilisha. Sasa linamtaka aeleze tofauti ya aina mbili, atoe mifano ya uradidi kamili kutoka Kiswahili na ya uradidi nusu kutoka lugha yoyote anayoijua, kisha aonyeshe kwa kipimo cha shina refu kwa nini kila mfano uko mahali pake. Sehemu ya dhima inamtaka atoe sentensi mbili kwa kila mfano, moja yenye uradidi na moja isiyo nao, aseme ni kitu gani kimebadilika baina yake. Neno "msisitizo" linapata alama pale tu linapoambatana na sifa au kielezi ambacho kiwango chake kimepanda kweli.

Jibu la yule mwanafunzi tulilisoma upya tukiwa na mwenzetu. Alama zake 8 zilirudi zote. Pia tuliyarudia majibu mengine katika rundo lile ambayo yaliliweka neno "anasomasoma" katika uradidi nusu kama mwongozo ulivyotaka. Hayo hatukuyapunguzia alama, kwa kuwa waliandika kile tulichowafundisha. Tuliandika pembeni mwa kila moja maneno haya: "Jaribu kuradidi ananipigia."